Noti za kipindi kilichokosekana: jinsi ya kuwaandikia wanadarasa barua pepe inayosomeka

Tuanze na hali yenyewe, maana barua ya namna hii huharibika inapoandikwa bila kumfikiria atakayeifungua. Darasa ni la mwaka wa pili, somo ni Mofolojia ya Kiswahili, kipindi kilikuwa Jumanne tarehe 12 Mei, saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Wanafunzi wanaosoma Kiswahili pamoja na Jiografia hawakuwepo. Walikuwa kwenye ziara ya mafunzo na watarudi Jumatano usiku. Mhadhiri alifundisha kauli ya kutendea, akatoa zoezi la kukusanywa Ijumaa. Mwakilishi wa darasa ana kurasa saba za daftari. Wenzake wataisoma barua yake ndani ya basi, kwenye simu, huku mtandao ukija na kupotea.

Kipimo ni hiki: aliye ndani ya basi aweze kulifanya zoezi la Ijumaa bila kumpigia mtu simu. Kisichomsaidia kufika hapo kiende kwenye kiambatisho, au kiachwe kabisa.

Hatua ya 1: Pitia daftari siku ileile

Fanya hivyo kabla hujalala. Kifupisho kama "irb mw mz" ulichokiandika saa 3 asubuhi ukiwa na haraka kinaeleweka jioni, lakini keshokutwa kitakuwa fumbo hata kwako mwenyewe.

Chukua kalamu ya rangi nyingine, upitie kurasa zote mara moja, ukiweka alama pembeni: K kwa kanuni, M kwa mfano ulioandikwa ubaoni, T kwa tangazo. Kisichopata alama hakiingii kwenye barua. Mara nyingi kitakachobaki nje ni maana ya dhana inayopatikana kwenye kitabu chochote cha sarufi, marudio ya kipindi kilichopita, na utani. Kati ya kurasa saba, zenye alama huwa mbili au mbili na nusu tu.

Weka na alama ya kuuliza kila mahali ambapo huna hakika kwamba ulisikia sawasawa. Usizibe pengo kwa kubahatisha. Kosa la mwanafunzi mmoja hubaki kwenye karatasi yake, lakini kosa la mwakilishi wa darasa hutokea kwenye karatasi ishirini kwa maneno yaleyale, na mhadhiri akiona hivyo hafikirii barua pepe, anafikiria kunakiliana.

Matangazo yahakikishe kwa wenzako wawili waliokuwepo: siku, saa, idadi ya maswali, na kama zoezi linakusanywa kwa mkono au kwa mtandao. Hapo ndipo masikio ya watu wawili walioketi dawati moja hutofautiana kuliko mahali pengine popote.

Hatua ya 2: Punguza maneno, usipunguze sharti

Kwa kila K, andika sentensi moja ya kanuni, mifano miwili au mitatu, na mtego mmoja ikiwa upo. Kazi ngumu ni hiyo sentensi moja. Tazama jinsi inavyoweza kuharibika.

Ubaoni mhadhiri aliandika kwamba kiambishi cha kutendea huwa -i- au -e- kutegemea irabu ya mwisho ya mzizi: irabu ikiwa a, i au u, tunapata -i-, ikiwa e au o, tunapata -e-. Ndiyo maana pika huwa pikia, lakini soma huwa somea. Wataalamu huita hali hii utangamano wa irabu.

Sasa mtu anafupisha kwa haraka: "Irabu ya mwisho ikiwa a, i, u weka -i-." Ni neno moja tu lililodondoka, "mzizi", lakini kanuni nzima imeanguka nalo. Vitenzi vyote vya asili ya Kibantu huishia na -a. Msomaji aliye kwenye basi ataitazama -a ya mwisho ya soma, atafuata kanuni uliyompa, na ataandika "somia". Kwa noti zako, yuko sahihi.

Kuna fupisho la pili linalodanganya zaidi, kwa sababu mara nyingi linatoa jibu sahihi: "tazama irabu ya mzizi", bila kusema ya mwisho. Kwa pika, soma, leta na funga hakuna shida, mzizi una irabu moja tu. Mpe mtu kitenzi geuka. Mzizi ni geuk-, irabu ya kwanza ni e, ya mwisho ni u. Aliyetazama ya kwanza ataandika "geukea". Jibu ni geukia.

Kutokana na hayo, ukishaandika sentensi yako, ifanyie jaribio: chukua kitenzi ambacho hakikutajwa darasani na ukinyambue kwa kufuata maneno uliyoyaandika peke yake, kana kwamba Kiswahili hukijui. Ukipata neno ambalo hakuna anayelisema, kuna sharti umelikata. Kwa somo lolote lenye kanuni jaribio hili linafanya kazi, na huchukua dakika mbili.

Mifano nayo haitoshi ikiwa neno tupu. "La → lia" ni sahihi kabisa, lakini msomaji ataona kulia kwa machozi. Andika "kijiko cha kulia wali" na utata umekwisha. Gharama yake ni maneno manne.

Hatua ya 3: Panga kwa mpangilio wa mahitaji, si wa kipindi

Mhadhiri alianza na historia, akaingia kwenye kanuni, akamalizia na zoezi wakati watu wameanza kufunga mabegi. Ukifuata mpangilio huo, tarehe ya kukusanya itakaa mwisho kabisa, mahali ambapo wengi hawafiki. Igeuze: la kufanya kwanza, kisha kiini kwa sentensi moja au mbili, kisha kanuni, kisha mashaka yako, na mwisho maswali machache ya kujipima.

Kichwa cha barua, kwenye sehemu ya `Subject`, kianze na jina la somo na tarehe ya kipindi, kwa sababu simu huonyesha maneno machache ya mwanzo tu. "Noti" peke yake, au "Muhimu sana!!!", hakimsaidii anayeitafuta barua hiyo wiki ya mitihani.

Hii hapa barua nzima:

> Mofolojia 12 Mei: kauli ya kutendea + zoezi la Ijumaa
>
> Wenzangu, habari za safari.
>
> Hizi ni noti za kipindi cha Jumanne 12 Mei, kwa mliokuwa kwenye ziara.
>
> YA KUFANYA
> Zoezi: nyambua vitenzi 15 vilivyo kwenye karatasi niliyoambatisha. Kila kitenzi kiandikiwe kanuni iliyotumika.
> Mwisho: Ijumaa 15 Mei, kabla ya saa 6 mchana, kwa mkono, ofisini kwa mhadhiri.
> Namba ya usajili iandikwe juu ya ukurasa wa kwanza.
>
> KIINI
> Kauli ya kutendea huundwa kwa -i- au -e- kabla ya -a ya mwisho. Baadhi ya vitenzi hupata -li- au -le-. Kazi ni kujua ni lini kinatumika kipi.
>
> KANUNI 1: Vitenzi vya kawaida
> Ondoa -a ya mwisho, ubaki na mzizi. Tazama irabu ya MWISHO ya mzizi.
> Ikiwa a, i au u, weka -i-:
> kat-a → katia
> pik-a → pikia
> fung-a → fungia
> Ikiwa e au o, weka -e-:
> let-a → letea
> som-a → somea
> Mtego: geuka → geukia, kwa sababu mzizi ni geuk- na irabu yake ya mwisho ni u.
>
> KANUNI 2: Mzizi unaoishia na irabu
> Fuata Kanuni 1, lakini tanguliza l:
> chuku-a → chukulia
> kimbi-a → kimbilia
> to-a → tolea
> poke-a → pokelea
> Kwa nini l? Mhadhiri alieleza kwamba zamani mizizi hii ilikuwa na l mwishoni. Ilidondoka kati ya irabu mbili, lakini hurejea tunaponyambua. Ndiyo hiyohiyo tunayoisikia kwenye chukuliwa na tolewa.
>
> KANUNI 3: Vitenzi vya silabi moja
> Mzizi hauna irabu, kwa hiyo Kanuni 1 haina pa kushika. Kariri:
> fa → fia (alifia ugenini)
> la → lia (kijiko cha kulia wali)
> nywa → nywea (kikombe cha kunywea chai)
>
> KANUNI 4: Vya mkopo visivyoishia na -a
> Hapa tazama irabu ya mwisho ya NENO lenyewe:
> rudi → rudia
> jibu → jibia
> samehe → samehea
>
> NILIPO NA SHAKA
> Mhadhiri alitaja sahau → sahaulia, lakini sikuwahi kuandika sababu yake. Nitamuuliza Alhamisi asubuhi na nitawaandikia.
>
> JIPIME
> Nyambua: ondoka, tembea, tafuta, peleka, haribu.
>
>
>
> Majibu: ondokea, tembelea, tafutia, pelekea, haribia.
>
> Mwakilishi wa darasa, mwaka wa pili

Barua hiyo ina maneno kama mia tatu, nayo imebeba saa mbili. Angalia yaliyoachwa. Matumizi ya kauli ya kutendea, yaani kutenda kwa niaba ya mtu, mahali pa kutendea, chombo cha kutendea na mengineyo, yalichukua kurasa mbili za daftari, lakini zoezi halikuyauliza na vitabu vya sarufi vinayaeleza vizuri. Yanaweza kwenda kwenye kiambatisho kwa anayeyataka.

Angalia pia kwamba vitenzi vya kujipima havimo kwenye zoezi. Ukiweka majibu ya zoezi lenyewe hutakuwa umesaidia darasa. Utakuwa umewaingiza wote kwenye matatizo, ukianza na wewe ambaye jina lako liko juu ya barua.

Sehemu ya mashaka isiondolewe kwa kuona aibu. Ndiyo inayomwambia msomaji kwamba kwingine kote uliandika ulichokuwa na hakika nacho.

Hatua ya 4: Umbo litakalostahimili simu

Jedwali huvutia kwenye kompyuta. Kwenye simu safu za kulia hutoka nje ya kioo, au maneno hukatika katikati, na ukiinakili barua kwenda WhatsApp jedwali huvurugika na mifano ikachanganyikana. Ndiyo maana barua iliyo hapo juu ina mfano mmoja kwa kila mstari na mshale katikati. Haina urembo, lakini haivunjiki.

Vichwa vidogo viandikwe kwa herufi kubwa. Herufi nzito hupendeza, lakini zinaweza kupotea barua inaponakiliwa; herufi kubwa hazipotei. Namba za kanuni nazo ziandike kwa mkono, usitumie orodha inayojihesabu yenyewe, ili "Kanuni 2" ibaki Kanuni 2 popote itakapotumwa.

Rangi ziache. Anayetumia simu yenye mandhari meusi anaweza asiyaone kabisa maneno yako ya bluu iliyoiva. Ukitaka kusisitiza, weka neno moja kwa herufi kubwa, kama MWISHO na NENO kwenye mfano wetu. Hayo mawili ndiyo maneno ambayo msomaji akiyaruka atakosea. Zaidi ya hapo msisitizo unageuka kelele.

Ukinakili kutoka kwenye Word, bandika kwa `Ctrl+Shift+V` ili maandishi yaje bila umbo la kule yalikotoka. Bila hivyo unaweza kupata aya mbili zenye ukubwa tofauti wa herufi, na nafasi ambazo huwezi kuzifuta.

Hatua ya 5: Kutuma

Picha ya ubao iliyopigwa kwa simu inaweza kufika MB 3 au 4. Ukiweka kumi, umekaribia au umepita kikomo cha Gmail cha MB 25 kwa barua moja, na aliye kwenye basi amemaliza bando kabla ya kuona tarehe ya zoezi. Chagua picha moja au mbili zenye kitu ambacho maandishi hayawezi kukibeba, zikate pembeni, uziunganishe na karatasi ya zoezi kwenye faili moja la PDF. Lipe jina linaloeleweka hata likiwa peke yake kwenye simu: `Mofolojia_12Mei_zoezi.pdf`, si `Scan0047.pdf`.

Ukilazimika kutumia kiungo cha Google Drive, fungua `Share` na uhakikishe imechaguliwa `Anyone with the link`, kwa kiwango cha `Viewer`. Ukisahau, usiku wa manane utapokea maombi ya ruhusa kutoka kwa kila mtu. Ukiweka `Editor`, kuna atakayefuta kitu bila kujua.

Anwani za wanadarasa ziweke kwenye `Bcc`, na yako mwenyewe kwenye `To`. Hii inazuia mambo mawili: anwani za watu kusambaa, na mtu kubonyeza `Reply all` kusema "asante" ambayo watu arobaini wataipokea.

Kabla ya kutuma kwa wote, jitumie mwenyewe uifungue kwenye simu. Soma hadi mwisho, fungua kiambatisho, tazama kama mishale imetokea. Kwenye Gmail unaweza pia kuongeza muda wa kuirudisha barua hadi sekunde 30: `Settings`, kisha `See all settings`, kisha `Undo Send`. Sekunde hizo zinatosha kukumbuka kwamba hukuambatisha PDF, kosa ambalo hakuna aliyewahi kulikwepa maisha yake yote.

Slaidi za mhadhiri au sauti uliyorekodi usivisambaze bila kumwomba ruhusa. Hiyo ni kazi yake, si noti zako. Na kumweka mhadhiri kwenye `Cc`? Ni bora usifanye hivyo mpaka akubali. Jina lake likionekana pale, wengi watadhani amezipitia noti na kuzithibitisha. Swali lako la sahau mwandikie kwa barua yake ya pekee.

Hatua ya 6: Kusahihisha

Kosa likigundulika, usitume barua nzima upya ikiwa imerekebishwa kimyakimya. Zitazunguka barua mbili zinazofanana, na hakuna atakayejua ipi ndiyo. Fungua barua uliyotuma, ijibu, na usibadilishe kichwa chake, kwa kuwa Gmail huanzisha mazungumzo mapya kichwa kikibadilika na sahihisho litakaa mbali na kosa. Tazama `Bcc` kabla ya kutuma; ikiwa tupu, ijaze tena orodha.

Mwili wa barua uwe na mambo matatu tu: palipokosewa, palivyo sahihi, na kama zoezi limeguswa au la. Tuseme kwenye Kanuni 2 kidole kiliteleza, pokelea ikaandikwa "pokelia":

> SAHIHISHO
>
> Kanuni 2, mstari wa poke-a.
> Niliandika: pokelia
> Sahihi: pokelea (irabu ya mwisho ya mzizi ni e, hivyo -le-)
> Kwenye zoezi: linagusa swali la 6 na la 11. Aliyekwishafanya ayapitie tena hayo mawili.
>
> Na kuhusu sahau: mhadhiri amesema neno linaishia na irabu mbili zinazofuatana, a na u, na kiambishi kinatanguliwa na l kama kwenye Kanuni 2. Halimo kwenye zoezi la Ijumaa.